Kuchimba kando ya nyumba ya jirani: Nani anaushikilia ukuta?

KATIKA miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu na Meru, ploti za katikati ya mji ni finyu na nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Anayejenga upya hutafuta nafasi ya ziada chini ya ardhi, na shimo lake huishia papo hapo ulipo msingi wa jirani.

Kabla ya kazi ya namna hiyo, mwanakandarasi huandika waraka unaoeleza hatua kwa hatua jinsi atakavyochimba, naye mhandisi wa mradi huupitia na kuukubali au kuurudisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kutathmini hatari za kazi yake, na waraka huu ndio mahali pa kuonyesha kwamba amefanya hivyo. Kwa bahati mbaya, nyaraka nyingi hujaa habari za kofia na buti, ilhali udongo hupewa aya moja.

Njia nzuri ya kuupitia ni kuuliza swali moja katika kila mstari: wakati hatua hii inapofanywa, ukuta wa jirani unashikiliwa na nini?

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na ploti nyingi za Nyeri mjini. Mwenye ploti anataka shimo la kina cha mita 4. Kwenye mpaka imesimama nyumba ya zamani ya mawe ya kuchonga, yenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Ukuta wake wa mpakani una urefu wa mita 12. Waraka unasema hivi: “Udongo utachimbwa kwa tingatinga hadi kina kinachotakiwa, kisha ukuta wa zege utajengwa. Msingi wa jirani utaimarishwa inapobidi. Muda: siku 9.”

Pengo la kwanza ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa msingi wa jirani umefika kina gani. Ramani za nyumba za zamani mara nyingi zimepotea, na hata zikipatikana huenda fundi hakuzifuata. Dawa yake ni kuchimba kwa mkono vishimo viwili au vitatu vidogo kando ya ukuta, kwa ruhusa ya jirani, na kupima. Tuseme msingi umepatikana katika kina cha mita 1.2. Basi shimo jipya litapita chini yake kwa mita 2.8.

Sasa mhandisi huchora mstari kutoka sakafu ya shimo, ukipanda kwa nyuzi 45 kuelekea kwa jirani. Mstari huo hukutana na kina cha msingi mita 2.8 ndani ya nyumba. Kwa makadirio haya ya haraka, chumba kizima cha mbele kimekalia udongo unaoweza kuteleza shimoni. Maneno “inapobidi” hayana nafasi tena hapa.

Pengo la pili linatokana na udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa miteremko hii, uliotokana na miamba ya volkeno, ni mdanganyifu. Wakati wa kiangazi hukatwa wima na kusimama kama ukuta kwa majuma, na fundi aliyeuona ukisimama hivyo huuamini. Kinachoushikilia kwa kiasi kikubwa ni mvuto wa unyevu mdogo uliomo katika vitundu vyake. Ukiloa kabisa, mvuto huo hutoweka na nguvu yake hushuka sana. Kwa hivyo anayepitia waraka hutazama kalenda. Kazi inayoanza katikati ya Machi itakutana na mvua ya masika shimo likiwa wazi. Huuliza pia mfereji wa paa la jirani unamwaga wapi, na tangi lake la maji taka liko wapi. Bomba linalovuja huweza kufanya kazi ya mvua hata mwezi wa Februari.

Pengo la tatu, nalo ndilo lililo kubwa, ni mpangilio. Waraka unachimba kwanza na kujenga baadaye. Baina ya vitendo hivyo viwili kuna siku ambazo ukuta wa mita 12 haushikiliwi na kitu. Utaratibu unaokubalika ni kuacha tuta la udongo mbele ya ukuta wa jirani, kuchimba katikati ya ploti tu, kisha kuujengea msingi wa zamani msingi mwingine chini yake, kipande baada ya kipande.

Katika mfano wetu ukuta hugawanywa vipande 12 vya mita moja moja. Kwanza huchimbwa cha 1, cha 5 na cha 9. Kisha cha 3, cha 7 na cha 11. Halafu cha 2, cha 6 na cha 10. Mwisho cha 4, cha 8 na cha 12. Kwa namna hiyo, wakati wowote ni robo tu ya ukuta iliyo wazi. Kila kishimo hukingwa kwa mbao pande zake, maana kibarua huingia ndani, na mita moja ya ujazo ya udongo yaweza kuwa na uzito unaokaribia tani 2.

Zege humwagwa na kuachwa pengo la takriban milimita 75 chini ya msingi wa zamani. Zege likishaganda na kunywea, pengo hilo hushindiliwa saruji na mchanga wenye unyevu kidogo tu. Bila kushindilia huko, msingi mpya upo lakini haujabeba chochote.

Ukihesabu kuchimba, kumwaga, kusubiri, kushindilia na kusubiri tena, kila kundi la vipande huchukua kama siku 6. Makundi manne ni siku 24. Waraka umesema siku 9. Hesabu hii ndogo hufichua mengi kuliko michoro: mwanakandarasi ama hajui utaratibu, ama hana nia ya kuufuata.

Lipo pia suala ambalo wengi hulipuuza. Msingi huo mpya unajengwa chini ya ukuta wa jirani, pengine ndani ya ardhi yake. Idhini yake ya maandishi inatakiwa kabla, pamoja na picha za nyufa zote zilizokuwapo.

Hatari haiishi msingi ukikamilika, kwa kuwa udongo wa jirani bado unausukuma kutoka kando. Tuta likiondolewa, mahali pake huchukuliwa na propu zinazouegemeza ukuta kwenye sakafu ya zege iliyomwagwa katikati ya shimo. Waraka wetu uliporekebishwa ulisema propu zitatolewa “ili kupisha kazi ya ukuta”. Sivyo. Propu hutoka baada ya slabu ya juu ya shimo kukomaa, kwa sababu slabu hiyo ndiyo itakayopokea msukumo.

Dar es Salaam ilionja uchungu wa mambo haya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea.

Mwisho, waraka hueleza nani atatazama nini. Ufa mwembamba juu ya ardhi, unaokwenda sambamba na ukingo wa shimo, ni onyo kubwa. Vivyo hivyo mlango wa dukani uliofungika vizuri Jumatatu ukakwama Alhamisi. Alama za kupimia huwekwa ukutani na kusomwa kila siku, na mhandisi huandika mapema kiwango cha kusimamisha kazi, kwa mfano milimita 5. Kando ya kiwango hicho huandikwa jina na simu ya mtu aliye papo hapo kwenye mjengo, mwenye mamlaka ya kuwatoa vibarua shimoni na wapangaji nyumbani, bila kungoja kumpigia tajiri simu Nairobi.