Nusu kipenyo cha duara lililo ndani ya pembetatu

Kila pembetatu ina duara moja tu linalokaa ndani yake na kugusa pande zote tatu. Kitovu chake kiko pale inapokutana mistari inayogawa kila pembe nusu kwa nusu.

Kitovu hicho kikiunganishwa na ncha tatu za pembetatu, hupatikana pembetatu tatu ndogo. Kila moja ina kitako ambacho ni upande mmoja wa ile kubwa, na kimo chake ni nusu kipenyo cha duara, kwa sababu nusu kipenyo hukutana na upande unaoguswa kwa pembe mraba. Maeneo matatu yakijumlishwa, eneo lote huwa nusu ya mzingo mara nusu kipenyo. Kwa hiyo nusu kipenyo ni eneo gawanya kwa nusu ya mzingo.

Chukua pembetatu yenye pande za sm 13, 14 na 15. Mzingo ni sm 42, nusu yake 21. Kwa kanuni ya Heroni, 21 huzidishwa kwa 21 − 13, 21 − 14 na 21 − 15, yaani 8, 7 na 6. Zao ni 7056, na kipeuo chake cha pili ni 84. Eneo ni sm² 84, na nusu kipenyo ni 84 ÷ 21 = sm 4.

Kosa la kawaida ni kugawanya kwa mzingo mzima, jibu likawa 2. Hugundulika upesi: pembetatu ndogo zenye kimo cha sm 2 zina jumla ya sm² 42 tu, nusu ya eneo halisi.