Video umeiangalia jana, mbona haiko mu Historique?

Tutwae mfano wa mchimbaji mmoja wa Kolwezi. Jumatano, nyuma ya kazi, anauza mega na kuangalia kwenye YouTube video yenye kuonyesha namna ya kusafisha kabureta ya mashini ya kuvuta maji mu shimo. Siku ya pili mashini inakataa kuwaka. Anafungua Historique ili arudilie ile video. Za wiki iliyopita ziko, lakini ya jana haiko.

Wengi watasema telefone imeharibika, ao video wameitosha. Mara nyingi si hivyo. Video ingali mahali pake. Kuandika njo kulisimamishwa.

YouTube iko sawa na muntu mwenye kushika daftari ku mlango. Kila video unayofungua, anaiandika mu konte yako. Lakini konte inaweza kumwambia: "Simama, usiandike tena." Hapo video zinaendelea kucheza kama kawaida na mega zinaisha kama kawaida, ila daftari inabaki vile ilikuwa. Kusimamisha si kufuta: za zamani hazitoki. Njo maana tunadanganyika, juu tunaona orodha imejaa na tunazani iko inatumika.

Turudie kwa yule baba. Jumatatu kijana wake alisimamisha historia, hakutaka baba aone clipu zake. Jumatano baba anaangalia kabureta. Siku ya tano mama anaifungua tena. Matokeo: video za mbele ya Jumatatu ziko, za kuanzia siku ya tano zinaandikwa, lakini za kati hazitaingia hata siku moja. Kufungua tena hakurudishi nyuma. Kile hakikuandikwa, hakuna mahali pa kukitosha. Na kama baba na kijana wanatumia konte moja ku telefone mbili, ukisimamisha ku moja, ya pili nayo haiandiki, sababu daftari ni ya konte, si ya telefone.

Ili ujue hali yako, fungua YouTube, bonyeza Vous chini ku mkono wa kuume, kisha Historique, kisha vile vidoti vitatu vya juu. Hapa angalisho: neno lenye kuandikwa linasema kile kitafanyika ukibonyeza, si hali ya sasa. Ukisoma neno lenye kuanza na Suspendre, ni kusema historia iko inaandika. Ukisoma Activer, ni kusema ilisimamishwa. Watu wanasoma Suspendre, wanazani imesimama, wanabonyeza, na hapo njo wanaisimamisha wao wenyewe.

Kuko alama zingine. Chini ya picha ya video uliyoanza kuangalia kunakuwaka musitari mwekundu wenye kuonyesha ulifika wapi. Historia ikisimama, video mpya hazipate musitari ule. Tena, tangu mwaka wa 2023, konte yenye historia imezimwa na isiyokuwa na video nyingi za zamani inaweza kuonyesha ukurasa wa kwanza mtupu, bila video za kukupendekezea.

Kama historia iko inaandika na video haiko, uliza maulizo mawili. Ya kwanza: ilikuwa konte gani? Ku telefone ya familia, video inaandikwa kwa konte yenye ilikuwa wazi saa ile. Gusa picha ya konte, uhakikishe. Ya pili: ulikuwa mu navigation privée? Kule hakuna kinachoandikwa mu konte, hata kama historia iko wazi. Kuko pia kufuta kwa automatiki, lakini kule kunagusa zenye kupita miezi 3, 18 ao 36. Video ya jana haiwezi kutoka kwa sababu ile.

Sasa, kupata ile ya kabureta namna gani? Historia ya kutafuta inasimamishwa mbali na ya kuangalia. Kwa hiyo gusa mahali pa kutafuta: maneno uliyoandika Jumatano yanaweza kuwa yangali pale, na yatakurudisha karibu na video. Kama uliigusia kidole cha J'aime, iko mu orodha ya zile ulizopenda. Kama uliipata kwa WhatsApp, pandisha mazungumzo, linki ingali kule.

Na kwa video ya kazi, usitegemee daftari ya muntu mwingine mwenye anaweza kuifunga: mbele ya kutoka, bonyeza Enregistrer, uchague À regarder plus tard. Orodha ile inashika video hata historia ikiwa imesimama.