Barua ya kuomba muhula ng'ambo: futa hiyo sentensi ya kwanza

Ukianza na "tangu utotoni nimependa kusafiri", msomaji ashachoka. Beshte yangu, anayesomea uhandisi wa maji, alianza hivyo akiomba muhula mmoja Ujerumani. Tukafuta. Akataja kozi mbili ambazo idara yake haina, moja ya kusafisha majitaka, na jinsi zitakavyosaidia mradi wake wa mwaka wa mwisho. Akaeleza pia kuwa idara imekubali kuzihesabu akirudi. Bila hilo, unaweza kurudia muhula mzima.

Kuhusu utamaduni, "nazoea watu haraka" haisemi kitu. Aliandika kuhusu atachimenti yake Lodwar: alifika bila neno la Kiturkana, akajifunza salamu kwanza, ndipo kina mama wakamwonyesha visima. Kijerumani? Alikiri yuko A1 tu.