Jalala la Tabata na Daftari la Zahanati

Igowole, katika Wilaya ya Mufindi, ni nchi ya ukungu, chai na chemchemi. Hebu tuchukulie kwamba juu ya chemchemi mojawapo taka za soko zimeanza kutupwa, na kwamba msimu wa mvua unapofika, watoto wa kitongoji kilicho bondeni wanaletwa zahanati kwa kuharisha. Mganga anawatibu, wanapona, kisha wanarudi tena. Ni sheria gani inayoweza kuwafaa watoto hao, na mganga ana nafasi gani ndani yake?

Jibu la kwanza la mahakama za Tanzania lilitoka Tabata, Dar es Salaam. Wakazi wa huko waliishi na jalala la jiji, pamoja na harufu, nzi na moshi wa taka zilizokuwa zikiungua. Mwaka 1988, katika shauri la Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji, Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome na jalala litafutiwe mahali pengine pasipodhuru watu. Halmashauri ikawa inaomba kuongezewa muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi hilo. Katiba haitaji haki ya mazingira safi kwa jina. Hata hivyo, Jaji aliegemea ibara ya 14, inayolinda uhai, akaona kwamba kuchafua hewa wanayovuta watu ni kuhatarisha uhai wenyewe.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro yake. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, eneo ambalo mpango wa jiji ulilitenga kwa makazi. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda, na taka zikahamia Vingunguti. Amri ya kuzuia jalala moja haijengi jalala lililo salama.

Tangu wakati huo, msingi wa kisheria umeimarika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinaeleza namna ya kuitumia: mtu anaweza kuiomba mahakama izuie kitendo chenye madhara, imlazimishe mtumishi wa umma achukue hatua, imwamuru mharibifu arejeshe mazingira katika hali yake, au aliyeumia alipwe fidia. Nje ya mipaka yetu, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unaitambua haki hiyo katika ibara ya 24. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliitambua tarehe 28 Julai 2022. Azimio hilo haliyafungi mataifa kama mkataba unavyoyafunga, lakini wakili anaweza kulitumia kuipa nguvu hoja iliyokwisha kusimama juu ya sheria ya nchi.

Turudi bondeni Igowole. Kinachokwamisha mashauri ya namna hii mara nyingi ni ushahidi. Kuona taka juu na wagonjwa chini hakutoshi, kwa kuwa kuhara kuna sababu nyingi, na choo kibovu kilicho karibu na chemchemi kinaweza kuwa ndicho chanzo. Hapo ndipo daftari la MTUHA linapopata uzito. Likiwa na tarehe, umri, ugonjwa na kitongoji cha kila mgonjwa, linawezesha kulinganisha kitongoji kinachochota maji chini ya jalala na kile kinachochota kwingine, kabla na baada ya taka kuanza kutupwa. Safu ya makazi ikiachwa wazi, ulinganisho huo hauwezekani.

Afisa afya naye achukue sampuli za maji juu na chini ya jalala siku ileile, azitunze katika ubaridi na kuzifikisha maabara ndani ya saa 24. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hapatakiwi kuonekana hata kimelea kimoja cha ekoli. Vikionekana chini tu, na juu pakawa safi, tuhuma inapata mashiko, ingawa vyoo vilivyo katikati lazima navyo vikaguliwe.

Malalamiko huanzia kwa serikali ya kijiji na halmashauri, kwa maandishi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa hutunzwa. Anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa notisi ya siku 90. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayepita njia ya Katiba aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Cheti cha mama aliyeuguza mtoto kina thamani kubwa katika kuonyesha madhara. Cheti hicho ni siri ya mgonjwa. Mganga hakitoi ila kwa ridhaa ya mgonjwa au mlezi wake, au kwa amri ya mahakama. Hesabu za jumla zisizo na majina anaweza kuzipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya, naye akazipeleka halmashauri.

Wakati haya yote yanaendelea, maji ya chemchemi hiyo yachemshwe. Shauri la Tabata lilichukua miaka, na mtoto anayeharisha hawezi kungoja hukumu.