Kwa nini ndugu wa Amerika hapokei simu: barua kutoka Grand Rapids

Katika vikundi vyetu tunasikia lawama moja mara nyingi: «Ndugu yangu tangu afike Amerika amebadilika. Namuita kwa simu, hajibu. Namuomba dola mia mbili za hospitali, ananiambia ningoje.» Tumekaa siku kadhaa na wamama wa kwetu katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ili tuone siku yao inaendaje na mshahara wao unaenda wapi. Tunawaandikia yale tuliyoona.

Grand Rapids ni mji wa viwanda, karibu na ziwa kubwa la Michigan. Tangu zamani unajulikana kwa kutengeneza viti na meza. Wakati wa baridi theluji ni nyingi na siku ni fupi. Wakongomani ni wengi hapa, na Kiswahili utakisikia kanisani, kwenye basi na katika maduka ya vyakula vya Afrika, ambako wanauza unga wa bugali, dagaa na sombe iliyogandishwa kwenye barafu. Wengi walitoka Kivu ya Kusini, Fizi na Uvira, wakakimbia vita ya 1996 na zile zilizofuata. Hawakutoka kijijini wakaja moja kwa moja. Walikaa kwanza kambini, wengine zaidi ya miaka kumi na tano. Kambi inayotajwa sana ni Nyarugusu, huko Kigoma, Tanzania. Ndiyo maana watoto wao wakubwa wanaongea Kiswahili cha Tanzania, na Fizi wanaijua kwa masimulizi ya wazazi tu.

Watu hawa waliletwa na leta ya Amerika kama wakimbizi. Walipofika walipokelewa na shirika la mji, ambalo liliwatafutia nyumba, vitanda, sahani na chakula cha siku za kwanza, likawaandikisha watoto shuleni na kuwapeleka wote kwa daktari. Msaada huo wa mapokezi ulikuwa wa siku 90. Katika siku hizo mtu mzima alitakiwa aanze kutafuta kazi, hata kama Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu. Basi kazi ya kwanza ilikuwa ile isiyohitaji maneno mengi: kiwandani, kwenye nyama au mboga, kufua mashuka ya hoteli, kufagia biro.

Kuna pia deni ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Tiketi ya ndege haikuwa zawadi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ndilo lililolipa tiketi, na kabla ya kupanda ndege kila mtu mzima alitia sahihi karatasi kwamba atarudisha pesa. Deni hilo halina riba, na malipo yanaanza karibu miezi sita baada ya kufika. Lakini familia ya watu sita inalipa tiketi sita, kidogo kidogo kila mwezi, kwa miaka. Anayeruka miezi bila kulipa, jina lake linaandikwa vibaya katika daftari la madeni la nchi. Daftari hilo ndilo mwenye nyumba analitazama kabla ya kukupangisha, na anayeuza gari analitazama vilevile.

Tuchukue nyumba moja tuliyokaa nayo. Kuna baba, mama na watoto wanne. Mkubwa ni msichana wa miaka 15, mdogo ana miaka mitatu. Baba anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha chakula. Anaingia saa tano usiku, anatoka saa moja asubuhi. Mama anasafisha biro jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne usiku. Hawakupanga hivyo kwa kupenda. Kumlipa mtu wa kulinda mtoto mdogo kutwa kungekula karibu mshahara wote wa mama. Bibi hayupo, jirani naye yuko kazini. Basi wamegawana saa: mchana mtoto yuko na mama, jioni yuko na baba.

Gari lao ni moja. Mama anarudi nalo saa nne na robo usiku, baba anasubiri mlangoni amevaa viatu. Anapewa funguo, anaambiwa nani amekula na nani ana homa, anaondoka. Siku tano za juma, mazungumzo ya mume na mke ni hayo ya mlangoni. Gari likiharibika, wote wawili wako katika hatari ya kupoteza kazi, kwa sababu usiku wa manane basi ni za shida.

Sasa tuje kwenye simu. Saa za Grand Rapids ziko nyuma ya saa za Bukavu, Uvira na Lubumbashi: saa saba nyuma wakati wa baridi, saa sita wakati wa joto. Baba yule akitoka kazini anaoga, anakula, na saa mbili asubuhi analala hadi saa nane na nusu mchana. Wakati wa baridi, kwetu hiyo ni kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tatu na nusu usiku. Ndiyo saa zile zile ambazo sisi tumetoka sokoni, tumepumzika, tumeshika simu. Tunamuita akiwa usingizini, naye simu ameizima ili asisinzie mbele ya masini usiku. Mama mwenyewe alituambia: «Mwambieni dada yangu aniite mimi, asimuite shemeji. Jioni yenu ni asubuhi yangu, niko jikoni, nitasikia.»

Upande wa pesa, mama huyo alitupa karatasi zake tukahesabu pamoja. Baba analipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa juma. Mama analipwa dola 15, saa 25 kwa juma. Baada ya kukatwa kodi na michango, kwa mwezi baba analeta karibu dola 2,600 na mama karibu 1,500. Jumla ni 4,100. Nyumbani kwetu pesa hiyo ni mali. Lakini tazameni inavyotoka.

Nyumba ya vyumba vitatu ni dola 1,600, na mwenye nyumba hangoji. Umeme, maji na gesi ya kupasha nyumba joto ni 280 wakati wa baridi, na bila joto hilo mabomba yanaganda. Gari linakula 720: malipo ya mwezi, mafuta, na bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Chakula ni 900. Simu na mtandao ni 150. Nguo, sabuni na viatu vya theluji ni 200. Deni la ndege ni 150. Jumlisheni: ni dola 4,000. Zinabaki 100, na hatujataja mgonjwa wala msiba.

Walipofika, wengi walipata kadi ya chakula kutoka leta. Kadi hiyo hupungua kadiri mshahara unavyopanda, na kila baada ya muda inaletwa barua ya kuomba upya. Hapa ndipo nyumba nyingi huumia. Barua ni ya Kiingereza, na anayeisoma ni msichana yule wa miaka 15. Mwaka uliopita barua moja ilikuja wakati wa mitihani yake, akaiweka juu ya frigo, siku zikapita. Mama alijua alipokuwa dukani, mbele ya mwenye kupokea pesa, kadi ilipokataa. Mwezi ule chakula kilinunuliwa kwa pesa ya nyumba, na deni la nyumba likachukua miezi mitatu kulipika. Siku hizi ana bahasha mbili ukutani: moja ya barua zilizosomwa, nyingine ya zile ambazo hazijasomwa, na Jumapili jioni hakuna anayelala kabla ya ile ya pili kuwa tupu.

Je, dola mia mbili za hospitali zinatoka wapi basi? Zinatoka kwenye saa za ziada. Sheria ya Amerika inasema saa zinazopita 40 kwa juma zilipwe mara moja na nusu. Kwa baba yule, saa moja ya ziada ni dola 25 na nusu. Dola mia mbili ni saa nane, yaani Jumamosi nzima kiwandani, ikiwa bwana wa kazi ana kazi ya Jumamosi. Na malipo yanakuja juma linalofuata au lile la pili. Kwa hiyo anapokujibu «ngoja», mara nyingi anangoja Jumamosi.

Njia ya pili ni likelemba. Ndiyo, wameivuka nayo bahari. Kundi tulilokaa nalo lina wamama kumi, kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi, na mmoja anabeba 1,000. Wana kanuni moja iliyotupendeza: aliyefiwa, au mwenye mgonjwa nyumbani Kongo, anaruhusiwa kubadilishana zamu na aliye mbele yake, mradi aombe kabla ya siku ya mkutano. Mtu wa nyumbani akisema mapema kwamba upasuaji ni mwezi ujao, dada yake anaweza kuomba zamu. Akisema mgonjwa akiwa tayari kitandani, zamu imekwisha kuliwa.

Kuna jambo moja ambalo hawawezi kulitoa hata wakitaka: kuwaita ndugu waje. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Amerika alitia sahihi amri ya kusimamisha mapokezi ya wakimbizi, na familia nyingi zilikatwa katikati, wengine wakiwa Grand Rapids na wengine bado Nyarugusu wakiwa na faili zao. Kwa hiyo mtu akija kwenye kartie yenu akisema kwa dola fulani ataingiza jina lako kwenye orodha ya Amerika, mkatalieni. Orodha hiyo haikuuzwa hata ilipokuwa wazi. Huduma ya kuwahamisha wakimbizi haina malipo katika hatua yoyote.

Mama wa bahasha mbili alituomba tuwafikishie neno. Kabla ya kuomba pesa, mwambieni ndugu yenu ni ya nini, inatakiwa tarehe gani, na nyumbani mmekwisha kupata kiasi gani. Akijua tarehe, anahesabu Jumamosi zilizobaki na kujibu ukweli siku ile ile. Na siku moja moja mumuite bila kuomba kitu. Jioni yenu, saa kumi na moja, yeye anachemsha chai.