Siagi Ipi, Njugu Zipi? Kuifasiri Lebo ya Biskuti

Pakiti ya biskuti iko mezani. Mbele kuna jina na picha, nyuma kuna maandishi ya Kiingereza yaliyobanwa kwa herufi ndogo: viambato, tahadhari ya mzio, jedwali la lishe, uzito na tarehe. Mwagizaji anataka kibandiko cha Kiswahili kabla mzigo haujaenda madukani. Maneno yote hayazidi 100, na mfasiri aliyezoea kufasiri vitabu anaweza kudhani ni kazi ya nusu saa.

Neno la kwanza tu linamkwamisha. Orodha inahitaji kichwa, na wengi huandika "Viungo". Mpishi akiona neno hilo anafikiria iliki, mdalasini na bizari. Sasa chukua biskuti ambayo kweli ina mdalasini na tangawizi, kisha orodha isomeke "Viungo: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, viungo". Msomaji ataona neno lilelile mara mbili, kila mara kwa maana yake. Ndiyo maana "Viambato" linafaa zaidi kwa kichwa, na "viungo" liachiwe mdalasini na wenzake.

Mpangilio wa orodha nao hauguswi. Kiambato chenye uzito mkubwa zaidi wakati wa kutengeneza ndicho hutangulia, kisha kinachofuata, hadi cha mwisho. Mfasiri akihamisha sukari kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu ili sentensi isomeke vizuri, amebadilisha taarifa, kwa sababu mnunuzi anayejua kanuni hiyo atadhani sukari ni kidogo kuliko ilivyo.

Katikati ya orodha kuna siagi. Kwa Kiingereza, siagi inayotokana na maziwa ina jina lake, na ile ya mafuta ya mimea ina jina lingine. Katika maduka mengi ya kwetu zote mbili huitwa siagi, na mtu anayeagiza mkate na siagi mara nyingi huletewa ile ya mimea. Kwa mlaji wa kawaida hilo si tatizo. Lakini mama mwenye mtoto asiyepatana na protini ya maziwa, ambaye mwanawe amekula "siagi" ya mimea kwa miaka bila kudhurika, ataiona "siagi" kwenye lebo na kununua bila wasiwasi. Kinachomlinda ni neno moja la ziada: "siagi (ya maziwa)". Unga wa wei unahitaji kinga hiyohiyo. Hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, na jina lake halimwambii msomaji kwamba limetoka kwa ng'ombe. Kwa hiyo huandikwa "unga wa wei (maziwa)".

Chini ya orodha kuna mstari wa tahadhari, na hapo ndipo kosa huumiza zaidi. Kiingereza hutenganisha karanga na jamii ya korosho, lozi na jozi. Karanga ni jamii ya kunde na hukomaa ardhini, ilhali zile nyingine huzaliwa mitini. Mtu mwenye mzio wa kundi moja si lazima awe na mzio wa lingine. Mfasiri akiandika "njugu" kwa makundi yote, msomaji wa Nairobi atasoma karanga, kwani ndivyo anavyoziita, na wa Tanzania huenda akafikiria njugu mawe. Mwenye mzio wa korosho hajaonywa hata kidogo. Njia salama ni kutaja kila moja: "karanga, korosho, lozi". Ila mfasiri hana ruhusa ya kubuni orodha. Ikiwa lebo ya asili imetaja kundi zima bila majina, anauliza kiwanda ni aina gani zinazotumika huko, na anasubiri jibu kabla kibandiko hakijaenda kuchapwa.

Kitenzi nacho kina uzito wake. "Ina karanga" maana yake karanga zimewekwa humo kwa makusudi. "Huenda ikawa na chembe za karanga" maana yake mashine au chumba kinatumika pia kwa bidhaa zenye karanga. Kuibadilisha ya pili kuwa ya kwanza ni kosa, na kuifuta kwa sababu nafasi haitoshi ni kosa kubwa zaidi.

Kisha tarehe. Kiingereza kina vishazi viwili ambavyo dukani huunganishwa kuwa kimoja, "imeekspaya". Cha kwanza kinahusu ubora: baada ya siku hiyo biskuti inaweza kupoteza ukavu au ladha, ingawa si lazima iwe na madhara. Cha pili kinahusu usalama, na huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi. Vikifasiriwa sawa, biskuti nzima zitatupwa, au mtu atakula kitu kibovu akiamini kimepungua ladha tu. Tafsiri iliyo wazi ni "Ubora hadi" kwa cha kwanza na "Isitumike baada ya" kwa cha pili.

Kwa nini isiwe "Tumia kabla ya"? Kwa sababu "kabla ya tarehe 12" kwa Kiswahili humalizikia tarehe 11, ilhali kishazi cha usalama cha Kiingereza huihesabu siku ya 12 yenyewe. "Isitumike baada ya tarehe 12" haipotezi siku. Pale penye mwezi na mwaka tu, huandikwa "Ubora hadi mwisho wa Agosti 2026".

Tarimu zenyewe zina mtego. Bidhaa iliyotoka Marekani yenye 03/04/2026 inasema Machi 4, na msomaji wa Afrika Mashariki atasoma Aprili 3. Kibandiko huchapwa mara moja kwa shehena nzima, ilhali tarehe hupigwa na mashine kiwandani na hubadilika kwa kila toleo. Hivyo kibandiko huelekeza: "Tazama tarehe ubavuni mwa pakiti, mwezi hutangulia siku."

Uzito ndio unaoonekana rahisi. "Uzito" peke yake hautoshi, maana pakiti nayo ina uzito. Huandikwa "Uzito halisi 200 g". Alama ya gramu ni g ndogo, si "gm" wala "gr". Kiingereza kinaweza kutumia kishazi kimoja kwa kigumu na kimiminika, lakini "uzito halisi 500 ml" ni kichekesho kwa Kiswahili. Juisi ina ujazo halisi. Kwenye jedwali la lishe, sodiamu isigeuzwe chumvi kwa sababu tu chumvi inafahamika. Miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu 1 ya chumvi, kwa kuwa sodiamu huzidishwa kwa 2.5. Anayebadilisha neno na kuiacha namba ileile ameificha zaidi ya nusu ya chumvi.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, CXS 1-1985, kinaruhusu kibandiko cha ziada pale lugha ya asili isipomfaa mlaji, kwa sharti kwamba taarifa zake za lazima zilingane kikamilifu na za lebo ya asili. Mnunuzi anaweza kulikagua sharti hilo mwenyewe. Kibandiko kikifunika tarehe au namba ya toleo, au gramu za Kiswahili zikitofautiana na za Kiingereza, mrudishie muuzaji pakiti, na ukiwa Tanzania toa taarifa kwa Shirika la Viwango, au kwa Wakala wa Vipimo ikiwa tatizo ni uzito.