Mgawanyo wa Nafasi za Wanaume na Wanawake Msikitini: Sababu Zake na Namna Mgeni Anavyoitambua Sehemu Yake

Katika misikiti ya mwambao wa Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi wa Kisuni hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, sehemu ya wanawake haina umbo moja. Pengine ni safu za nyuma zilizotengwa kwa pazia, pengine ni ghorofa ya juu, na pengine ni chumba cha ubavuni chenye mlango wake. Tofauti hizi zinaweza kumfanya mgeni adhani kwamba kila msikiti una kanuni yake. Kwa hakika zote zinatokana na kanuni moja ya mpangilio wa safu, na anayeielewa anaweza kulisoma jengo hata asipokuta kibao.

Msingi wake unaonekana katika hadithi ya Anas bin Malik, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume alialikwa chakula nyumbani, kisha akawaswalisha wenyeji wake. Anas na yatima mmoja walisimama nyuma yake, na bibi kizee akasimama peke yake nyuma yao. Anas alikuwa wa ukoo wa bibi huyo, hata hivyo hawakusimama safu moja. Kwa hiyo maelezo yanayosikika mara kwa mara, kwamba kutengana kunakusudia tu kuzuia macho baina ya watu wasiojuana, hayatoshi. Hofu ya kuchanganyika nayo ilizingatiwa: Umm Salama anasimulia kwamba Mtume alikuwa akikaa kidogo baada ya kutoa salamu ili wanawake watangulie kutoka. Lakini katika msikiti wake wa Madina wanawake waliswali nyuma ya wanaume bila ya ukuta kati yao. Pazia na ukuta, basi, ni nyongeza ya sitara, wala si sharti la kusihi kwa swala.

Nyongeza hiyo huzaa masuala yake. Katika fikihi ya Kishafii, maamuma hapaswi kumtangulia imamu kuelekea kibla, na lazima ajue imamu anapohama kutoka kitendo kimoja hadi kingine, ama kwa kumwona yeye au safu, ama kwa kusikia sauti. Wakiwa wote ndani ya msikiti mmoja, umbali hauwadhuru, maadamu ipo njia ya kupita kumfikia imamu. Ghorofa ya juu yenye ngazi inayoingia msikitini inatimiza sharti hili. Chumba cha ubavuni huhitaji uangalifu zaidi, kwani ukuta wake wa mbele ukilingana na kina cha mihrabu, wanaojipanga karibu nao huweza kuwa mbele ya imamu pasipo kujua.

Tuchukue mfano wa mwanamke msafiri anayefika Unguja mjini wakati wa adhuhuri. Jambo la kwanza ni kujua kibla. Kutoka Unguja, Maka iko karibu moja kwa moja kaskazini, hivyo mihrabu huwa upande huo, na mara nyingi huonekana kwa nje kama kibubujiko cha ukuta. Akiisha kuijua mbele, hutafuta mlango wa nyuma au wa ubavuni, au ngazi ya nje. Viatu vya kike kizingitini ni dalili nzuri kuliko rangi ya mlango. Mabomba ya udhu yaliyozungushiwa ukuta au pazia ni dalili nyingine. Akiwa bado na shaka, humuuliza mtu aliye nje: “Shekhe, samahani, wanawake wanaswalia wapi?” Jibu huwa fupi: “Zunguka nyuma, mama, utaona ngazi.” Mgeni wa kiume naye asifuate tu mlango ulio wazi, akikuta pazia limefunika mahali pote pa kuingilia, arudi.

Akiisha kuingia, asimame mahali anapoweza kusikia bila kutegemea kipaza sauti pekee. Umeme ukikatika katikati ya swala, ghorofa nzima huweza kubaki katika rukuu huku imamu amekwisha kusujudu. Dalili ni ukimya unaozidi kawaida ya kitendo. Akiwapo anayeona chini kupitia dirisha au uwazi wa sakafu, wengine humfuata yeye. Asipokuwapo, Kishafii kinamruhusu maamuma kunuia kutengana na imamu na kukamilisha peke yake swala ya faradhi kama hiyo ya adhuhuri.

Ipo pia misikiti midogo ya mitaani isiyo na nafasi ya wanawake kabisa. Wako wanaoitetea hali hiyo kwa kutaja mapokezi yanayosema nyumba zao ni bora kwao, lakini mapokezi hayohayo huanza kwa kukataza wanawake wasizuiwe misikitini. Ubora wa nyumba haumfai sana msafiri asiye na nyumba mjini humo. Kwake yeye, njia ya karibu ni kuuliza ulipo msikiti wa Ijumaa, ambako uwezekano wa kupata sehemu yake ni mkubwa zaidi. Siku ya Ijumaa yenyewe awahi, kwa kuwa wanaume wakijaa, safu zao huenda zikasogea hadi nyuma ya pazia.